Mapendo: visanduku 4, majibu 2, sabuni ya nani?

Mapendo, Goma. Kila Jumamosi saa tisa alasiri, mwalimu mmoja mzee wa kartie Mapendo anatoa ubao nje ya parseli yake, anauegemeza ukutani, na kuchora mo kruaze kwa Kiswahili. Watu wanafika na daftari zao. Wengine ni majirani wa siku zote. Wengine walifika mjini kwa sababu ya vita, na kambi zilizokuwa pembeni ya mji zilipobaki tupu mwanzoni mwa mwaka 2025, walikosa njia ya kurudi kijijini wakabaki kwa jamaa zao humu Mapendo. Anayemaliza kwanza bila kosa anapewa kipande cha sabuni ya kufulia. Katika nyumba ambayo familia mbili zinafua kwenye beseni moja, sabuni si mchezo.

Jumamosi iliyozua maneno, ubao ulikuwa na mistari 5, kila mstari visanduku 7. Kati ya visanduku hivyo 35, mwalimu alifunga 10 kwa kuvipaka chaki, vikabaki 25 vya kuandikia. Maneno yalikuwa 8 tu: manne ya kulala na manne ya kushuka. Fumbo dogo hivyo linaonekana la watoto, lakini ndilo lililowaweka watu wazima barazani hadi giza likaingia.

Sharti la mwalimu ni moja na wote wanalijua. Jibu linapimwa mara tatu. Kwanza, je, linajibu kidokezo? Pili, je, herufi zake ni sawa na idadi ya visanduku? Tatu, je, herufi zake zinakubaliana na za maneno yanayolikata? Likishindwa pamoja, limeshindwa. Yeye mwenyewe alizoea mafumbo ya Kifaransa tangu ujana wake, yale ambayo karibu kila kisanduku kinapitiwa na maneno mawili, na ambayo hayaandiki idadi ya herufi kwa sababu unaweza kuvihesabu visanduku mwenyewe. Kwa Kiswahili anaandika idadi kwenye mabano, ili hata aliye nyuma ya watu na haoni ubao vizuri ajue.

Neno la kwanza, la kulala, lilijaza mstari wote wa juu: «Gari la mbao la Goma, injini yake ni mguu wa dereva» (7). Hapo hakuna mtoto wa Goma anayefikiri mara mbili. Sanamu yake ya rangi ya dhahabu imesimama kwenye mzunguko wa barabara mjini, na chukudu zenyewe zinapita kila saa zikiwa na magunia, dereva amepiga goti moja juu ya ubao na mguu wa pili unasukuma chini. Shida haikuwa kulijua neno. Shida ilikuwa kuliandika.

Papa mmoja aliyekuwa dereva wa lori aliandika TSHUKUDU. Ndivyo alivyofundishwa shuleni: sauti hiyo kwa Kifaransa cha kwetu inaandikwa na herufi tatu, kama kwenye Tshopo, kama kwenye Kitshanga alikozaliwa. Alipohesabu akapata herufi 8 na visanduku 7. Akafanya jambo ambalo wengi hulifanya: akabana T na S katika kisanduku kimoja. Mwalimu alimwambia kwa upole, «Papa, herufi moja, kitanda kimoja.» Kwa Kiswahili sauti hiyo ni CH, herufi mbili, na kila moja inataka kisanduku chake. C-H-U-K-U-D-U, saba kamili. Alama ya juu kwenye neno kama ng'ombe haipewi kisanduku, kwa hiyo ng'ombe ni herufi 6. Lakini CH, SH, NG na NY hazipunguzwi hata siku moja. Anayehesabu sauti badala ya herufi atakosea kila mara.

Kijana mwingine aliyetoka kucheza mpira alipita njia fupi zaidi. Alitupa T ya Papa, akaandika SHUKUDU. Hesabu: 7. Neno la kushuka kwenye safu ya kwanza lilikuwa na herufi 5, na sasa lilianza na S. Akaandika SHUKA. Herufi 5, sawa. S ya juu inakubaliana na SHUKUDU, sawa. U ya katikati, kwenye mstari wa tatu, inakubaliana na neno la kulala UFA, sawa. Kila kitu kiliingia. Akasimama, akainua mkono.

Hapa ndipo wengi wanadanganyika. Majibu mawili ya uongo yanaweza kushikana mikono na kusimama vizuri, kama walevi wawili njiani. Kukatana kunathibitisha tu kwamba maneno mawili yanakubaliana; hakuthibitishi kwamba hata moja ni kweli. Kinachowatenganisha walevi hao ni kurudi kwenye kidokezo cha kila neno peke yake. Kidokezo cha kushuka kilisema: «Hubeba mafuta ya kupikia» (5). Shuka haibebi mafuta. Kwa hiyo K haikuwa K, na ukiitilia shaka K, unaitilia shaka S pia, na SHUKUDU inaanguka pamoja nayo. Jibu lilikuwa CHUPA.

Na CHUPA yenyewe ilikuwa na hatari yake. Kati ya herufi zake 5, ni mbili tu zilizokatwa na maneno mengine: C ya juu na U ya katikati. H, P na A zilikaa peke yake. Ukiwa tayari umeandika CHU na unajua mwisho ni A, basi CHUMA inaingia, CHURA inaingia, CHUPA inaingia. Ubao hauna la kusema. Kidokezo pekee ndicho kinachofukuza chuma na chura. Vivyo hivyo neno la kushuka la herufi 3, lenye U juu na A chini: UZA, UMA, UFA, yote yanakaa. Kidokezo kilisema «Usinunue, fanya kinyume», basi ni UZA.

UFA yenyewe ilikuwa kwenye mstari wa tatu, na kidokezo chake kilikuwa «Tetemeko liliuacha ukutani» (3). Mapendo haihitaji maelezo. Baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, ardhi ilitetemeka siku nyingi na kuta nyingi za mji bado zina alama. Mama mmoja aliandika kwanza NYUFA pembeni ya daftari, maana kwake zilikuwa nyingi. Lakini NYUFA ni herufi 5. Na hata bila kuhesabu, kidokezo kilikuwa kimeshamwambia: liliuacha. Hiyo U katikati ya kitendo inaonyesha kitu kimoja. Kama zingekuwa nyingi, mwalimu angeandika «liliziacha». Kifaransa hakikupi msaada wa namna hiyo mara nyingi. Kiswahili kinakupa karibu kila wakati, kama mtungaji anajua anachofanya, na kama msomaji anasoma kidokezo chote badala ya kukimbilia visanduku.

UGALI haikumsumbua mtu, ingawa walioko Mapendo wanauita fufu au bugali. FUFU ni herufi 4, BUGALI ni 6, visanduku vilikuwa 5. Hesabu ilimaliza mjadala kabla haujaanza. UTATU na ADA zilipita kimya.

Likabaki neno moja, la mstari wa chini kabisa, upande wa kulia. Kidokezo: «Mzigo wa anayekimbia» (4).

Msichana wa miaka 14, aliyefika na mama yake kutoka Masisi na kupokelewa na shangazi yake hapa Mapendo, ndiye aliyemaliza kwanza. Alipeleka daftari kwa mwalimu. Dakika chache baadaye kijana wa chuo kikuu, mtoto wa jirani, alipeleka lake. Maneno 7 yalikuwa sawasawa. La nane, msichana aliandika BITU. Kijana aliandika VITU. Mwalimu mwenyewe, kwenye karatasi aliyoficha mfukoni, alikuwa na VITU.

«Basi sabuni ni yangu,» alisema kijana, bila ubaya. «Bitu si neno. Fungua kamusi.»

«Kwetu tunasemaka bitu,» alisema msichana. «Yaya, hata wewe unasemaka bitu.»

Watu walicheka, kwa sababu ni kweli. Kijana mwenyewe, dakika tano kabla, alikuwa amemwambia mdogo wake aondoe «bitu byako» kwenye kiti. Huku kwetu watu ni batu, wana ni bana, vitu ni bitu, vita ni bita. Shuleni tunaandika vingine.

Mwalimu hakujibu haraka. Aliweka daftari zote mbili juu ya magoti akapima kama kawaida yake. Kidokezo: vitu ni mzigo wa anayekimbia, bitu pia, ni neno lile lile katika vinywa viwili. Idadi: herufi 4 kwa 4. Kukatana: neno hilo lilikatwa mara mbili tu. I ya pili ilikuwa mwisho wa UGALI, na U ya mwisho ilikuwa mwisho wa UTATU. Herufi ya kwanza haikukatwa na neno lolote, wala T ya tatu. Kwa hiyo tofauti yote kati ya majibu mawili ilikaa katika kisanduku kimoja ambacho hakuna shahidi aliyekipitia.

Kijana aliona njia nyingine ya kutetea. Alisema kama kisanduku hakina shahidi, basi hata KITU inaingia. Alitaka kuonyesha kwamba kukubali BITU ni kufungua mlango kwa kila neno. Mwalimu akatikisa kichwa, akaandika chini kwa kijiti: nafasi tupu, I, nafasi tupu, U. KISU inaingia. SIKU inaingia. Hizo mbili zinafukuzwa na kidokezo. KITU je? Mzigo unaweza kuwa kitu kimoja. Kidokezo hakikutaja wingi wala umoja. «Umesema kweli,» alimwambia kijana, «lakini kweli yako inanipiga mimi, haimpigi yeye.»

Hoja ya kamusi ilikuwa nzito zaidi, na haikustahili kupuuzwa. Fumbo la maneno linahitaji makubaliano kuhusu maneno gani yanahesabika, vinginevyo kila mtu atatunga lake. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, iliyotoka Dar es Salaam mwaka 1981, na zile zilizoifuata, zinafuata Kiswahili cha vi- na wa-. Gazeti la Nairobi au la Dar es Salaam linapochapa fumbo, hakuna anayeuliza. Msomaji anajua ni sanifu. Lakini ubao wa Mapendo haukuwa na maandishi yoyote juu yake yanayosema Kiswahili cha wapi. Tena neno la kwanza kabisa la siku hiyo, lile lililobeba mstari mzima, lilikuwa la barabara za Goma. Mtungaji anayechukua neno la barabarani kwa mstari wa kwanza hawezi kuitumia kamusi kumfukuza mtu kwenye mstari wa tano.

Kijana alijibu vizuri: chukudu haina jina lingine, bitu ina jina lingine. Papa dereva, ambaye bado alikuwa na uchungu wa T yake, alisema hata yeye basi arudishiwe herufi. Hilo halikuwa sawa na mwalimu alilikataa. TSHUKUDU ilianguka kwa hesabu, na hesabu haina lahaja. Ubao ulisema visanduku 7, na mtu yeyote kutoka popote anahesabu 7. BITU haikuanguka popote. Hiyo ndiyo tofauti, na ndiyo iliyoamua: jibu ambalo haliwezi kukataliwa kwa kidokezo, wala kwa idadi, wala kwa herufi inayokatana, ni jibu. Kama mtungaji alitaka jingine, alipaswa kulifungia mlango kabla, siyo baada ya watu kuingia.

Msichana alipewa sabuni. Kijana hakuridhika, na alisema hivyo, na alikuwa na haki ya kusema.

Watu walipotawanyika, wachache walibaki na mwalimu aliyetaka kujua kosa lake liko wapi, asilirudie. Kwanza alirekebisha kidokezo. Badala ya «Mzigo wa anayekimbia» aliandika «Anayekimbia huviacha nyumbani». Ile -vi- katikati inafanya kazi mbili kwa mpigo: inamfukuza KITU, kwa sababu kitu kimoja kingekuwa «hukiacha», na inatangaza kwamba fumbo linasema vi-, siyo bi-. Anayeandika BITU chini ya kidokezo hicho anapingana na kidokezo chenyewe.

Kisha alitaka shahidi wa pili: neno la kushuka linalopita kwenye V. Alijaribu kulitoa juu, liishie kwenye V. Haiwezekani. Maneno ya Kiswahili huishia kwa vokali. Ukiacha ya kuazima machache, hakuna neno la kushuka linaloweza kufikia mstari wa mwisho na kumalizikia kwenye V, T, au K. Ndiyo maana I na U za VITU zilipata mashahidi kutoka juu, na V na T hazikupata. Mtungaji wa Kifaransa hana shida hiyo, maneno yake yanaishia kwa S, T, R, N apendavyo. Kwa Kiswahili, mstari wa chini ukianza na konsonanti, konsonanti hiyo itabaki uchi. Na mwanzo wa neno ndipo mahali pabaya zaidi pa kuacha uchi, kwa sababu ndipo Kiswahili cha huku na cha pwani vinapoachana: vi- na bi-, wa- na ba-, mtu na mutu.

Kwa hiyo V ilibidi ianzishe neno, siyo kulimaliza. Aliongeza mistari mitatu chini ya VITU, na kwenye safu ya nne akaandika neno la kushuka la herufi 4: VITA. Kidokezo alichofikiria kilikuwa rahisi, na kwa bahati mbaya kila aliyekuwepo angekijua. Aliangalia kazi yake akaona imekaa vizuri.

Msichana alikuwa bado amesimama na sabuni yake mkononi, shangazi yake akimsubiri. Alisoma ubao kwa sauti, akashuka na kidole. «Mwalimu, ile haisaidie,» alisema. «Bitu, bita.»

Alikuwa na haki. Anayesema bi- kwa kulala atasema bi- kwa kushuka, na maneno mawili yatakubaliana kwenye B bila kosa hata moja. SHUKUDU na SHUKA tena, isipokuwa safari hii hata vidokezo visingewatenganisha. Ili V iwe shahidi wa kweli, lazima iwe V ambayo hakuna mtu anayeigeuza, V iliyo ndani ya shina la neno, siyo kiambishi mbele yake.

Mwalimu alifuta ITA kwa mkono wa shati, akaiacha V. Akafikiri kidogo, akaandika UNA chini yake. VUNA: «Fanya hivi mahindi yakikauka» (4).

«Kwenu mnasemaka kubuna?»

«Hapana. Tunasemaka kuvuna.»

Shangazi aliita tena. Mwalimu aliongeza kichwa juu ya ubao, ambacho kimebaki hapo kila Jumamosi tangu siku hiyo, kwa herufi ndogo karibu na ukingo: Kiswahili cha shule, isipokuwa kidokezo kikisema «huku kwetu».